Dada, Nilikuona Ukishika Kadi

"Hongera sana, umefanya kazi nzuri, ila jitahidi kidogo kwenye usafi wa mikono." Maneno haya husikika sana katika zahanati na vituo vya afya pale muuguzi mmoja anapoombwa kumtazama mwenzake akiwa kazini. Yana adabu, yanatamkwa kwa tabasamu, na ndani yake hamna kitu. Aliyeambiwa hajui ni mkono upi, saa ngapi, kwa mgonjwa yupi, wala afanye nini kesho ambacho leo hakukifanya. Akiwa mpole atasema asante. Akiwa mwepesi wa kujibu atauliza, "Kwani mimi mchafu?" na mazungumzo yatakuwa yameishia hapo.

Wauguzi kutazamana wenyewe kwa wenyewe ni sehemu ya kazi ya kuzuia maambukizi. Hapa haji mkaguzi wa wilaya na gari na fomu ndefu. Anayetazama ni mtu wa cheo kilekile, anayekunywa chai meza moja na yule anayemtazama. Faida ya utaratibu huu iko hapo, na ugumu wake uko hapohapo. Mkaguzi akishasema lake anapanda gari anaondoka, lakini mwenzako utamkuta kesho asubuhi, na pengine ni mtu unayemwamkia shikamoo.

Tuingie katika chumba kimoja tu, cha chanjo, siku ya kliniki ya mama na mtoto katika zahanati ya Tanzania. Wauguzi wawili tutakaowafuata nimewatunga, lakini kila wanachofanya kinaonekana kazini siku yoyote ya wiki. Mmoja ni mkongwe, amechanja watoto ambao leo wanaleta watoto wao. Mwingine ni kijana, ndiye anayetazama. Anamwita mwenzake dada, naye huitwa mdogo wangu.

Watoto walioletwa wametimiza wiki 6 au 10. Kila mmoja anapewa matone kwanza, kisha sindano mbili za nusu mililita kila moja. Chanjo ya penta, inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na bakteria wa Hib, inachomwa paja la kushoto. Ile ya nimonia inachomwa paja la kulia. Zote zinaingia kwenye msuli, upande wa mbele kuelekea nje wa paja, sindano ikiwa imesimama wima. Mabomba ya sindano yanayotumika ni yale yanayojifunga yenyewe: ukishasukuma dawa mpaka mwisho, kisukumio kinakwama na bomba halivuti tena. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko mwaka 1999 kwamba chanjo zote zitolewe kwa mabomba ya aina hiyo ifikapo mwisho wa mwaka 2003, na kwa hiyo ule woga wa zamani, kwamba mtoto wako atachomwa sindano iliyomchoma wa jirani, umepungua sana katika vyumba vya chanjo. Yaliyobaki yanahusu mikono, meza, na mahali sindano inapokwenda baada ya kutoka kwenye paja.

Kuhusu mikono, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 unaotaja nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuchoma sindano, baada ya uwezekano wa kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kwa kitakasa mikono, unajaza kiganja na kusugua sekunde 20 hadi 30 mpaka mikono ikauke yenyewe. Kwa maji tiririka na sabuni, kazi nzima inachukua sekunde 40 hadi 60. Vidole gumba na ncha za vidole ndivyo vinavyosahaulika zaidi, na ndivyo vinavyoshika bomba.

Wauguzi wetu hawakutaka kutazama nyakati zote tano. Walikubaliana asubuhi, kabla akina mama hawajaingia, kwamba zitatazamwa mbili tu: kabla ya sindano, na baada ya damu. Kuhusu sindano yenyewe, kijana angeangalia safari yake kuanzia inapofunguliwa hadi inapotupwa. Atatazama kwa dakika 20 hivi, hatataja jina la mtu kwenye karatasi, na watazungumza wawili peke yao kliniki ikiisha. Walikubaliana pia juu ya neno moja: kijana akisema "Dada, ngoja kidogo," mkongwe ataweka kitu chini bila kuuliza. Nitalirudia hilo baadaye, maana lina kazi yake.

Makubaliano haya ni nusu ya mrejesho. Mtu aliyetazamwa bila kujua kinachotazamwa husikia kila neno kama shitaka.

Haya, kijana amekaa pembeni na karatasi yake. Katika dakika zile wamepita watoto sita, maana yake sindano kumi na mbili. Zilikuwepo nafasi sita za kusafisha mikono kabla ya sindano, kwa sababu sindano mbili za mtoto mmoja zinazofuatana bila kugusa kitu kingine huhesabiwa pamoja. Ikaongezeka moja baada ya mtoto wa tatu kutoa tone la damu likamgusa muuguzi kidoleni. Jumla nafasi saba.

Mkongwe alipaka kitakasa mikono mara sita. Hakuna mtoto aliyerukwa. Mtu anayetazama kwa haraka angeandika "vizuri sana" na kwenda zake. Lakini kijana aliandika kitu kingine: kwa watoto wanne, baada ya kupaka, muuguzi alipokea kadi ya kliniki kwa mama, akaifungua, akasoma tarehe, akashika biro, akaandika kitu kwenye daftari, ndipo akachana karatasi ya bomba la sindano. Kadi ile imetoka kwenye mkoba wenye nepi. Biro imeshikwa na kila aliyeingia humo tangu wiki iliyopita. Mikono iliyokuwa safi imepita kwenye vitu viwili visivyo safi kabla ya kufika kwenye sindano, na kwa hesabu za kuzuia maambukizi nafasi hizo nne hazikutimizwa. Zimetimia mbili tu za watoto waliobaki. Ile ya damu haikutimizwa pia: kidole kilipanguswa kwa pamba na kazi ikaendelea.

Mbili kati ya saba ni kama asilimia 29. Fikiria sasa kijana anamwendea mtu mzima aliyetumia kitakasa mikono mchana kutwa na kumwambia, "Dada, umepata asilimia 29." Ni kweli tupu, na ni tusi. Mbaya zaidi, haimwambii chochote, kwa sababu yeye anajua alipaka mara sita na mikono bado inanukia spiriti. Kumwambia "hunawi mikono" ni uongo, na mtu akisingiziwa hafanyi bidii, anajitetea. Kilichokosekana si kupaka. Ni mahali ambapo kupaka kumewekwa katika mfuatano wa kazi.

Katika historia ya usafi wa mikono yupo mtu aliyekuwa na ukweli mkubwa kuliko kijana wetu, akaupoteza kwa namna alivyousema. Mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis, akifanya kazi katika wodi ya wazazi huko Vienna, aliona kwamba wanawake waliozalishwa na madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti walikufa kwa homa ya uzazi kuliko waliozalishwa na wakunga. Akawataka wote wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili mwaka huo walikufa zaidi ya 18 katika kila wazazi 100. Kufikia Juni ni kama wawili. Ushahidi ulikuwa wazi. Lakini alichelewa sana kuuandika ukaeleweka, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 alikuwa akiwaandikia maprofesa wenzake barua za wazi akiwaita wauaji. Wengi waliendelea na mikono yao vilevile. Zipo sababu nyingine za kukataliwa kwake, hasa kwamba nadharia ya vijidudu ilikuwa bado haijakubalika, na sitaki kumtupia lawama zote marehemu. Hata hivyo sijawahi kusikia mtu aliyenawa kwa kuitwa muuaji.

Turudi chumbani. Mama wa mwisho ameondoka, mlango umefungwa, wamekaa kwenye benchi.

"Dada, wewe mwenyewe umeionaje kliniki ya leo?" kijana anaanza.

"Foleni ilinizidi. Na kale katoto ka tatu kalinirushia teke."

"Nilikaona. Tulisema nitazame mikono na safari ya sindano. Nianze na mikono?"

"Anza. Si umeandika ukurasa mzima!"

"Ulipaka kitakasa mara sita, watoto wote sita. Kwa mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa sita, baada ya kupaka ulipokea kadi, ukaandika kwa biro, halafu ukafungua bomba. Kwa wa nne na wa tano ulitoka kwenye kitakasa moja kwa moja hadi kwenye bomba, hukugusa kitu kingine."

Kimya kidogo. Kisha mkongwe anasema, "Wa nne na wa tano mhudumu alikuwepo. Yeye ndiye alinisomea kadi."

Angalia alichofanya kijana. Hakusema "wakati mwingine". Hakusema "watu humu huwa". Ametaja watoto kwa namba zao, vitu kwa majina yao, na mfuatano kama ulivyotokea. Hakueleza nia ya mtu wala tabia yake, kwa sababu hivyo havikuonekana. Ameweka nafasi zilizotimia kando ya zile ambazo hazikutimia, na mwenye kazi mwenyewe ndiye aliyeona tofauti iko wapi. Hilo la mhudumu kijana hakuliandika. Alikuwa anatazama mikono.

Kuna mbinu inayofundishwa sana ya kuweka kasoro katikati ya sifa mbili. Mimi siipendi. Watu wameshaizoea, ukianza na "hongera" wanakaa wakingoja "ila", na hongera yenyewe haiwaingii. Sifa inafaa inapokuwa habari kamili kama kasoro ilivyo. Kijana alimwambia mwenzake kwamba katika sindano zote kumi na mbili bomba liliingia wima, haraka, sehemu ya nje ya paja, na kwamba kabla ya kila sindano alimwambia mama amkumbatie mtoto kifuani amnyonyeshe. Hilo la kunyonyesha limo katika mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2015 ya kupunguza maumivu ya chanjo, na mkongwe hakujua kwamba ni jambo la kuandikwa. Alilifanya kwa sababu mtoto anayenyonya hapigi mateke. Sasa anajua lisiachwe hata foleni ikiwa ndefu.

Halafu kijana alikosea, na makosa yake yana maana kuliko aliyoyapatia.

"Kwa hiyo labda kadi ziandikwe zote kabla, dada. Uandike chanjo, upake mikono, kisha uchome."

"Hapana, mdogo wangu. Chanjo haiandikwi kabla ya kuingia. Mtoto akianza kutapika, mama akatoka naye nje, akapotelea kwenye foleni, kadi itasema amechanjwa na mwilini hamna kitu. Mwezi ujao nani atajua?"

Yuko sahihi. Kuandika dozi ni baada ya kuitoa. Lakini kusoma kadi na kuandika dozi ni kazi mbili tofauti, na kilichowachanganya ni kwamba zote zinatumia kadi moja. Wakaipanga upya: mhudumu anafungua kadi na kuisoma kwa sauti, umri wa mtoto na chanjo anayostahili, muuguzi hagusi. Asipokuwepo mhudumu, muuguzi anasoma kadi kwanza, anaiweka mezani, ndipo anapaka mikono. Baada ya kupaka hakuna kushika kitu kingine isipokuwa kichupa cha chanjo, bomba na mtoto. Sindano ikishatupwa, anapaka tena, ndipo anashika biro na kuandika. Kitakasa kikahamishwa kutoka dirishani kikawekwa mezani, mbele ya sanduku la mabomba, mahali ambapo huwezi kuchukua bomba bila kukiona. Mrejesho ulioanza na mikono ya mtu ukaishia kwenye mpangilio wa meza. Unapokuwa mahususi vya kutosha huwa hivyo mara nyingi, kwa kuwa mikono hufuata vitu vilipowekwa.

Kuhusu tone la damu, kijana alisema hivi: "Mtoto wa tatu, ulipotoa sindano ya paja la kulia, damu ilikugusa kidole cha shahada. Ulipangusa kwa pamba, ukamchukua wa nne." Mkongwe alikumbuka. Damu inayoonekana haiondoki kwa kitakasa; inahitaji maji na sabuni, na ndoo yenye koki iko nje ya mlango, kwenye baraza. Kutoka nje na kurudi kunachukua dakika moja na nusu huku akina mama ishirini wanakutazama. Hapo hawakupata jawabu la siku ile. Walikubaliana tu kuandika kwamba ndoo ya kunawia iingizwe ndani.

Safari ya sindano ina mantiki yake. Kisanduku cha usalama, kile cha karatasi ngumu ya njano ambacho wengi tunakiita sefti boksi, kilikuwa sakafuni nyuma ya kiti, hatua mbili kutoka kwa muuguzi. Chenye ujazo wa lita tano huingia mabomba kama mia moja, na hufungwa kikijaa robo tatu. Hiki kilikuwa kimepita mstari. Mabomba yaliyokuwa juu yanaonekana mdomoni. Kwa sababu kiko mbali, muuguzi alikuwa akitoa sindano pajani, anailaza kwenye treya, anabonyeza pamba, anachoma ya pili, kisha anazipeleka zote mbili pamoja. Mara moja, kwa mtoto wa tano, mama alisimama ghafla na muuguzi akarudishia kifuniko cha sindano kwa mikono miwili ili isimchome mtu.

Tendo hilo la mwisho linatoka moyoni mwa mtu mwema, na ndilo la hatari kuliko yote yaliyotokea chumbani. Kurudishia kifuniko ni njia mojawapo kubwa ya wahudumu kujichoma. Ncha inalenga kidole cha mkono mwingine kwa umbali wa sentimita chache, na anayefanya hivyo ana haraka. Kwa sindano yenye damu ya mwenye VVU, hatari ya kuambukizwa kwa kujichoma mara moja ni kama watu 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini B inaweza kufika 30 kati ya 100, pale damu ikiwa na virusi vingi na aliyechomwa akiwa hajachanjwa. Anayejichoma anapaswa kuanza dawa za kinga za VVU mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na hawezi kuanza kama anaona aibu kusema kwamba amejichoma.

Hapa ndipo neno lile la asubuhi linapoingia. Mambo mengi unayoyaona unayaandika na kuyasema baadaye, maana kumsahihisha muuguzi mbele ya akina mama kunamvunjia heshima, na kunawafanya akina mama wajiulize watoto wao wamefanywa nini. Lakini kuna machache yasiyosubiri: sindano iliyogusa kitu ikitaka kuingia kwa mtoto, chanjo isiyo yake, kichupa kilichopita muda, kifuniko kinachorudishiwa. Kijana alipoona kifuniko kikiinuliwa alisema, "Dada, ngoja kidogo," akainuka na kumsogezea kisanduku hadi miguuni. Sindano ikaingia humo pamoja na kifuniko kilichokuwa tayari kimeshikamana nayo. Alichelewa nusu sekunde. Mama aliyesimama hakuelewa kilichotokea.

Baadaye kwenye benchi alisema: "Sindano zote kumi na mbili zililala kwenye treya kabla ya kutupwa. Kwa mtoto wa tano ulirudishia kifuniko kwa mikono miwili. Kisanduku kilikuwa hatua mbili nyuma yako na kimepita mstari." Sentensi tatu. Hakuongeza "ni hatari sana, dada," kwa sababu mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi anajua hatari yake kuliko yeye. Mkongwe alijibu kwa kuonyesha pale pa kukiweka: juu ya stuli, upande wa mkono anaochomea, ukifikika bila kuinuka, na mbali na mikono ya watoto wanaotambaa. Sindano itoke pajani iingie humo, pamba itasubiri.

Sasa niseme la watazamaji, maana wao pia hukosea na hakuna anayewatazama. Kosa lao kubwa ni kuhukumu kwa walichozoea, wakati kanuni inasema jingine. Kijana alikuja na mambo mawili karatasini ambayo, bahati nzuri, aliyafuta kabla ya mazungumzo. La kwanza: muuguzi hakuvaa glovu. Kwa sindano ya kawaida, ngozi ya muuguzi na ya mtoto ikiwa nzima, glovu hazihitajiki. Glovu zinazovaliwa kuanzia mtoto wa kwanza hadi wa sita ni mbaya kuliko mikono mitupu, kwa kuwa aliyezivaa anajiona salama na hazisafishi. La pili: muuguzi hakuvuta kisukumio nyuma kuangalia damu kabla ya kusukuma chanjo. Wengi wa zamani walifundishwa hivyo. Leo kwa chanjo haipendekezwi. Paja la mtoto sehemu ile halina mishipa mikubwa, na kuvuta kunaiacha sindano ndani muda mrefu na kuongeza maumivu. Kama angeyasema, mkongwe angemsahihisha, na yale ya kweli yangeondoka pamoja na yasiyo ya kweli. Ndiyo maana anayekwenda kutazama ausome mwongozo jana yake, na akishaandika jambo ajiulize limeandikwa wapi.

Pamba ilikuwa suala la katikati. Chumbani mlikuwa na gudulia la pamba iliyolowekwa spiriti tangu asubuhi, na vidole vinaingia humo kila mara. Ukiliona unaweza kudhani ni usafi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kuhusu sindano unakataza kuloweka pamba kwa pamoja chomboni, kwa kuwa inabeba uchafu wa mikono yote inayoingia. Mwongozo huohuo unasema ngozi kwa ajili ya chanjo haihitaji spiriti; ikiwa chafu ioshwe kwa maji na sabuni. Kijana alijiuliza kama amwambie mwenzake. Lakini gudulia lile halikuwekwa na mkongwe, lipo katika kila chumba cha zahanati, na kumwambia yeye peke yake kungekuwa kumbebesha kosa la jengo zima. Akalitenga, aliandikie mganga mfawidhi.

Nimesikia watu wakisema kutazamana huku hakuna faida, kwa sababu mtu akijua anatazamwa hubadilika. Wana hoja. Usafi wa mikono hupanda pale tu mtazamaji anapoingia na hushuka anapotoka, na takwimu zinazokusanywa hivyo huwa nzuri kuliko hali halisi. Basi zisichukuliwe kuwa takwimu. Lakini mtu aliyejitahidi kwa nguvu zote mbele ya mtazamaji na bado akashika kadi baada ya kupaka mikono, huyo amekuonyesha kitu ambacho bidii haiwezi kukirekebisha. Kwa kazi ya mrejesho, kutazamwa hakuharibu. Kunatenganisha anachosahau mtu na anachozuiwa na mpangilio.

Walitazamana tena baada ya wiki mbili, safari hii kwa zamu, mkongwe akimtazama kijana kwanza. Alimwandikia kwamba anasugua viganja na nyuma ya mikono lakini gumba la kushoto halikuguswa hata mara moja, na kwamba anafungua bomba kabla kitakasa hakijakauka. Kijana alicheka, hakuwa anajua ana gumba la kushoto. Ilipofika zamu ya mkongwe, kisanduku kilikuwa kwenye stuli na hakuna sindano iliyolala kwenye treya. Kadi zilisomwa na mhudumu kwa watoto watatu wa kwanza, kisha mhudumu akaitwa maabara, na kwa mtoto wa nne mkono ukaenda kwenye kadi baada ya kitakasa, kama zamani. Mkongwe alijiona mwenyewe, akaiweka kadi chini, akapaka upya.

Karatasi iliyokwenda kwa mganga mfawidhi haikuwa na jina la muuguzi yeyote wala asilimia. Iliomba mambo manne: ndoo ya kunawia iingizwe ndani ya chumba cha chanjo, visanduku vya usalama vibadilishwe vikifika robo tatu na vikae juu ya stuli, magudulia ya pamba ya spiriti yaondolewe na iletwe pamba kavu, na siku ya kliniki mhudumu asiitwe maabara kabla mtoto wa mwisho hajachanjwa.